Kugeuza Kitabu cha EPUB kwa Ajili ya Kindle ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa Kindle ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2009, kwa sababu ndiyo inayowatatiza zaidi watu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega walionunua visomaji vya mitumba au kuvipokea kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Kindle DX ya mwaka huohuo ina tabia ileile, ila skrini yake ni kubwa zaidi. Programu inayotumika kote ni Calibre, ambayo haina malipo na ambayo Kovid Goyal alianza kuiandika mwaka 2006, wakati alipotaka kukitumia kisomaji chake cha Sony kwenye Linux.

Nitajuaje kwamba Kindle yangu ni ya kizazi hicho?

Tazama kibodi iliyo chini ya skrini. Kindle ya kizazi cha 2 ina safu ya vitufe vya tarakimu juu ya herufi, ilhali ile ya kizazi cha 3, ya mwaka 2010, haina safu hiyo. Tofauti hii si ndogo, kwa maana Kindle ya kizazi cha 3 iliyopata toleo la 3.4 la programu yake ya ndani inaweza kusoma muundo mpya zaidi uitwao AZW3, lakini ya kizazi cha 2 haiwezi. Ukiingia kwenye `Menu`, kisha `Settings`, utaliona toleo la programu limeandikwa chini ya ukurasa. Kindle ya kizazi cha 2 inahitaji toleo la 2.3 au la baadaye ili isome PDF bila msaada. Matoleo ya kabla ya hapo hayatambui PDF.

Kwa nini kitabu cha EPUB hakionekani kabisa, hata baada ya kukinakili ndani?

Kindle hizi huorodhesha tu faili ambazo zinajua kuzifungua, na EPUB haimo kati ya hizo. Muundo wao wa asili ni MOBI, uliotokana na kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005. Kwa hiyo faili ya EPUB hukaa kwenye folda yake salama salimini, ikichukua nafasi, bila jina lake kutokea kwenye orodha ya vitabu na bila onyo lolote. Wengi hudhani kisomaji kimeharibika, kumbe hakuna kilichoharibika.

Je, si rahisi zaidi kubadilisha jina la faili kutoka `.epub` hadi `.mobi`?

Hapana. EPUB ni kifurushi kilichobanwa cha aina ya ZIP, na ndani yake mna kurasa za XHTML, picha, fonti na faili inayoeleza mpangilio wa kitabu, ilhali MOBI hupangwa kwa namna nyingine kabisa. Ukiwa na shaka kuhusu faili uliyopewa na mtu, ifungue kwa programu ya maandishi ghafi kama Notepad. EPUB itaanza kwa herufi `PK`, na MOBI ya kweli itakuwa na neno `BOOKMOBI` karibu na mwanzo. Faili iliyobadilishwa jina tu itajifichua hapo.

Nigeuze kuwa MOBI au kuwa PDF?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu langu ni thabiti: chagua MOBI kwa kitabu chochote ambacho kwa sehemu kubwa ni maandishi ya kuendelea, kama vile riwaya, wasifu, au mkusanyiko wa insha. Itumie PDF pale tu ambapo MOBI ya zamani haiwezi kubeba kilichomo.

Katika MOBI maandishi hayajafungwa kwenye ukurasa. Msomaji akibonyeza kitufe cha `Aa` na kuchagua ukubwa mwingine, mistari hujipanga upya ili itoshe kwenye skrini, na mzee mwenye macho hafifu anaweza kukuza herufi mpaka aridhike. PDF, kwa upande mwingine, ni ukurasa uliokwisha pigwa chapa. Kwenye Kindle ya kizazi cha 2 huwezi kubadilisha ukubwa wa herufi za PDF, na ukurasa mzima hupunguzwa ili uenee kwenye skrini. Skrini hiyo ina upana wa milimita 90 hivi, na karatasi ya A4 ina milimita 210. Herufi zilizopigwa kwa ukubwa wa pointi 12 kwenye A4 zitaonekana kama za pointi 5, ambazo ni ndogo kuliko maandishi ya kikaratasi cha dawa.

Hata hivyo, MOBI ya zamani ina mipaka yake. Haiwezi kubeba fonti zake yenyewe, majedwali mapana huvurugika ndani yake, na haina njia ya kuonyesha fomula za hisabati zilizoandikwa kwa MathML. Mambo hayo matatu, yaani fonti, majedwali na fomula, ndiyo ya kukagua kabla ya kuamua.

Hatua za kupata MOBI ni zipi?

Tuseme msomaji wa Nakuru ana riwaya ya Kiswahili iitwayo `riwaya.epub`, yenye sura 14 na jalada moja la rangi. Kwanza aifungue kwa kutumia kitazamaji cha Calibre chenyewe na kupitia kurasa kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Hatua hii hurukwa na watu wengi, nami naisisitiza sana, kwa kuwa kosa lililomo ndani ya EPUB halitatoka kwa kugeuzwa, na usipoliona mapema utailaumu hatua isiyohusika.

Kisha abonyeze `Add books` ili kukiingiza kitabu, akichague kwenye orodha, na abonyeze `Convert books`. Kwenye kona ya juu kulia ya dirisha litakalofunguka kuna `Output format`, ambapo atachagua MOBI. Katika sehemu ya `Page setup` achague Kindle chini ya `Output profile`, na kama mashine yake ni DX achague Kindle DX. Katika sehemu ya `MOBI output` ahakikishe kwamba `MOBI file type` imewekwa kwenye `old`. Hiyo ndiyo hali ya kawaida, lakini mtu mwingine akiwa amewahi kuitumia kompyuta hiyo huenda aliibadilisha. Akiikuta kwenye `new`, faili itakayopatikana itakuwa na jina la MOBI huku ndani yake ikiwa ya muundo mpya ambao mashine hii haiusomi. Akiikuta kwenye `both`, kitabu kitabebwa mara mbili ndani ya faili moja na kuwa kizito bila faida.

Anayependelea kuandika amri anaweza kuyafanya yote hayo kwa mstari mmoja:

```
ebook-convert riwaya.epub riwaya.mobi --output-profile kindle --mobi-file-type old
```

Picha zote zitageuzwa kuwa JPEG, kwa sababu visomaji vya zamani hushindwa na baadhi ya aina nyingine. Jalada la rangi litaonekana kwa vivuli 16 vya kijivu, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha skrini yenyewe, na hakuna mpangilio wa Calibre utakaoongeza zaidi ya hapo.

Kitabu kimefunguka vizuri, lakini orodha ya yaliyomo haina sura. Tatizo ni nini?

Tatizo hili huwapata zaidi wanaosoma vitabu vya Kiswahili. Ikiwa EPUB ina orodha yake ya yaliyomo iliyotengenezwa vyema, Calibre huitumia hiyohiyo na hakuna la kufanya. Ikiwa haina, Calibre hujaribu kuzitambua sura kwa kutafuta vichwa vyenye maneno ya Kiingereza, kama vile `chapter`, `section` na `part`. Kichwa kinachosema "Sura ya Kwanza" hakilingani na lolote kati ya maneno hayo, kwa hivyo hupitwa.

Dawa ni kuiambia Calibre itazame aina ya kichwa badala ya neno. Fungua EPUB kwa `Edit book` uone vichwa vya sura vimewekewa alama gani. Katika mfano wetu tuseme vyote ni `h2`. Wakati wa kugeuza, nenda kwenye sehemu ya `Table of Contents` na uandike maneno yafuatayo katika nafasi ya ngazi ya kwanza, au uyatumie ndani ya amri:

```
ebook-convert riwaya.epub riwaya.mobi --output-profile kindle --level1-toc "//h:h2"
```

Ukikuta orodha ipo tayari lakini imevurugika, kwa mfano ina mistari miwili tu kwa kitabu cha sura 14, ongeza `--use-auto-toc` ili orodha hiyo mbovu iachwe na ile mpya itumike. Kuna vitabu vilivyotengenezwa kwa haraka ambavyo sura zake ni aya za kawaida zilizokolezwa wino tu. Hivyo vitakulazimu kuingia ndani ya `Edit book` na kuvibadilisha vichwa viwe `h2`, kazi ambayo kwa sura 14 haichukui muda mrefu.

Kila panapopaswa kuwa na "ng'ombe" au "ng'ambo" naona alama za ajabu. Je, Kindle haijui Kiswahili?

Kindle haina neno katika jambo hili. Kiswahili, Dholuo na lugha za Waluhya huandikwa kwa herufi za Kilatini za kawaida, na kisomaji chochote kinazo. Kinachosumbua ni ritifaa. Programu za kuandikia hupenda kuweka ritifaa iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na ritifaa hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8. Programu fulani ikizisoma baiti hizo kana kwamba ni za usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti hugeuka herufi yake, na neno huonekana kama `ngâ€™ombe`.

La kufanya linategemea mahali ambapo kosa limetokea. Ifungue EPUB ya awali katika kitazamaji cha Calibre. Ikiwa maneno ni safi pale na yameharibika kwenye MOBI pekee, usimbaji umetajwa vibaya ndani ya kitabu, na kuongeza `--input-encoding utf-8` kwenye amri kwa kawaida hulimaliza. Ikiwa alama hizo zimo tayari kwenye EPUB, aliyeitengeneza ndiye aliyeziingiza, na itakubidi kuzisahihisha kwa kutumia sehemu ya `Search & replace` kwenye dirisha la kugeuza, au kwa amri hii:

```
ebook-convert riwaya.epub riwaya.mobi --sr1-search "â€™" --sr1-replace "'"
```

Usisahau kutazama alama za kunukuu pia, kwani ritifaa ikiharibika hivyo, nazo huwa zimeharibika.

Kitabu changu ni cha Gĩkũyũ, nami naona visanduku vitupu badala ya ĩ na ũ. Je, kuna namna?

Ipo, na hapa ndipo PDF inapokuwa na thamani yake. Kisanduku kitupu kina maana kwamba herufi yenyewe imefika salama, lakini fonti ya kisomaji haina umbo lake. Kwa kuwa MOBI ya zamani haiwezi kuja na fonti yake, hakuna mpangilio wa MOBI utakaosaidia. PDF hubeba maumbo ya herufi ndani yake, na kisomaji hakihitaji kuyajua.

Kabla ya kugeuza kitabu kizima, fanya jaribio dogo: andika mstari mmoja wenye ĩ na ũ kwenye faili ya maandishi, uihifadhi kwa UTF-8, uigeuze kuwa MOBI, kisha uitazame kwenye kisomaji. Herufi zikionekana, endelea na MOBI kwa amani, kwa maana ndiyo yenye starehe zaidi. Visanduku vikitokea, tumia PDF kama inavyoelezwa katika jibu linalofuata, na uchague fonti inayozijua herufi hizo. Noto Serif na Charis SIL zote mbili zinazo, na hupatikana bila malipo.

Tafadhali usichukue njia ya mkato ya kufuta alama zilizo juu ya herufi hizo na kuacha i na u tupu. Katika Gĩkũyũ ĩ na i ni irabu mbili tofauti, kama zilivyo ũ na u, na kitabu kilichofutiwa hakisomeki kwa haki.

Nimepata PDF lakini maandishi ni madogo mno. Nilikosea wapi?

Yaelekea uliacha ukubwa wa karatasi kama ulivyokuwa. PDF ya kusomwa kwenye skrini ya inchi 6 haina haja ya kupitia A4 hata kidogo. Itengeneze tangu mwanzo kwa kipimo cha skrini, yaani inchi 3.5 kwa 4.7, na kila ukurasa wa kitabu utakuwa skrini moja kamili.

Ukipunguza karatasi peke yake, hata hivyo, utaona jambo lingine la kushangaza: safu nyembamba ya maneno mawili au matatu katikati ya skrini. Sababu ni pambizo. Calibre huweka pambizo ya pointi 72 kila upande, yaani inchi moja kamili, jambo linalofaa kwa A4, lakini ukiondoa inchi mbili kutoka kwenye upana wa 3.5 unabaki na inchi moja na nusu ya kusomea. Zipunguze hadi pointi 6. Ukubwa wa kawaida wa herufi ni 20, nao ni mkubwa kidogo kwa ukurasa wa namna hii, kwa hivyo anza na 16, usome kurasa chache, kisha upandishe kama macho yanakudai zaidi. Kumbuka kwamba uamuzi huu hautabadilika tena ndani ya kisomaji. Anayemtengenezea nyanya yake kitabu heri amkabidhi kurasa chache za majaribio kwanza.

```
ebook-convert kitabu.epub kitabu.pdf --custom-size 3.5x4.7 \
  --pdf-page-margin-left 6 --pdf-page-margin-right 6 \
  --pdf-page-margin-top 6 --pdf-page-margin-bottom 6 \
  --pdf-default-font-size 16 --embed-font-family "Noto Serif" \
  --change-justification left
```

Alama ya `\` mwishoni mwa mstari ni ya Linux na Mac. Kwenye Windows andika yote kwa mstari mmoja. Chaguo la mwisho hupanga maandishi upande wa kushoto bila kuyanyoosha pande zote mbili. Nalipendekeza kwa sababu maneno ya lugha zetu ni marefu, na neno kama "wanaoshirikishwa" likikosa nafasi mwishoni mwa mstari mfupi, maneno yaliyobaki hutawanywa na kuacha mapengo makubwa yanayochosha macho.

Vipi kuhusu kitabu cha kemia au hisabati cha shule ya upili?

Kigeuze kuwa PDF, ukikubali kwamba skrini ya inchi 6 haikutengenezwa kwa ajili ya vitabu hivyo. Kwenye MOBI ya zamani, fomula zilizoandikwa kwa MathML huporomoka na kuwa safu ya herufi zisizo na vipeo, na mwanafunzi anaweza kusoma `x2` mahali palipoandikwa x², kosa ambalo ni baya zaidi kuliko ukurasa kukataa kufunguka, kwa sababu halijitangazi. Majedwali ya safu wima nyingi yatabana hata kwenye PDF. Kwa mwenye Kindle DX, yenye skrini ya inchi 9.7, hali ni bora zaidi, na PDF nyingi zilizochapishwa kwa ukubwa wa kitabu cha kawaida husomeka humo bila kugeuzwa.

Na vitabu vya watoto vyenye picha kila ukurasa?

Visigeuzwe. EPUB za aina hiyo mara nyingi hupangwa kwa mahali maalumu pa kila picha na kila sentensi, na MOBI ya zamani huvunja mpangilio huo ikaacha picha ukurasa mmoja na maneno yake ukurasa mwingine. Chanzo kama African Storybook, chenye hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine za Kenya, hutoa PDF pamoja na EPUB. Pakua PDF moja kwa moja.

Calibre inakataa kukigeuza kitabu nilichokinunua. Kwa nini?

Kitabu hicho kimefungwa kwa kufuli ya kidijitali ya muuzaji. Calibre hutambua kufuli hiyo na kusimama, na toleo lolote litafanya vivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kukwepa kufuli za namna hii, kwa hiyo njia iliyo wazi ni kumwomba muuzaji au mchapishaji nakala ya PDF au isiyofungwa. Ni vyema kuuliza jambo hili kabla ya kulipa.

Sina kompyuta nyumbani. Je, naweza kuifanya kazi hii saiba?

Unaweza. Calibre ina toleo la Windows linalokaa kwenye flashi bila kusakinishwa kwenye kompyuta ya mwenyewe. Angalia tu umri wa kompyuta: kuanzia Calibre 6, iliyotoka mwaka 2022, programu haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 32, ambayo bado ipo katika saiba nyingi, hivyo weka toleo la 5 kwenye flashi pia. Matoleo ya zamani yanapatikana kwenye tovuti ya Calibre yenyewe. Tovuti za kugeuza faili mtandaoni hufanya kazi kwa riwaya rahisi, lakini nyingi hazikupi nafasi ya kuchagua aina ya MOBI wala pambizo za PDF, na faili yako huachwa mikononi mwa mtu usiyemjua.

Nimechomeka Kindle kwenye kompyuta na hakuna kinachotokea.

Badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi za simu zinazouzwa kando ya barabara zina nyaya za umeme pekee, kwa hiyo Kindle huchaji lakini kompyuta haijui kwamba ipo. Kebo ikiwa kamili, Kindle ya kizazi cha 2 huonyesha maneno `USB Drive Mode` kwenye skrini, na kompyuta huonyesha diski mpya iitwayo Kindle. Weka kitabu ndani ya folda ya `documents`, kisha uiondoe diski kwa `Eject` kabla ya kuchomoa, kwa maana faili iliyokatizwa katikati ya kunakiliwa huonekana kwenye orodha lakini hukataa kufunguka. Hilo likitokea, ifute na uinakili upya. Hakuna haja ya kukigeuza kitabu mara ya pili.